Mapengo hayaonekani notsi zikiwa wazi: jinsi ya kuandika shajara ya tafakuri ya wiki

*"Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya uuguzi, mwaka wa pili. Kila Ijumaa tunakusanya shajara ya tafakuri kuhusu lekcha za wiki. Nakaa zaidi ya saa mbili napanga notsi zangu, naandika yote tuliyofundishwa, na mwisho naweka nilivyojisikia. Kila mara mkufunzi ananirudishia ameandika: 'Huu ni muhtasari. Mapengo yako wapi? Hatua zinazofuata ni zipi?' Nikisoma notsi zangu naona nimeelewa, sasa mapengo niyatoe wapi? Na nikiandika kwamba kitu sikijui, si nitakatwa alama? Wiki hii tulisoma upungufu wa maji mwilini kwa watoto wanaoharisha."*

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na maneno yako mwenyewe: ukisoma notsi unaona umeelewa. Nakuamini, na shida imeanzia hapo. Notsi ni mwandiko wako, umezipitia mara tatu nne, na jicho likipita juu ya mstari linaoufahamu, akili inasema, "Hili nalijua." Lakini kulitambua jambo lililo mbele yako ni kazi moja, na kulitoa kichwani bila kuliona ni kazi nyingine kabisa. Mtu mliyesoma naye darasa la tatu ukikutana naye stendi unamtambua papo hapo. Ukiambiwa ukae chini uuchore uso wake, kalamu inagoma.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa chuo. Wengine walisoma kifungu cha habari na kukirudia kukisoma. Wengine walikisoma, kisha wakakifunika na kuandika walichokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojipima wakawa wanakumbuka zaidi. Saa mbili zako za kupanga notsi ni saa mbili za kurudia kusoma. Siku ya Ijumaa zinakupa uhakika, lakini zamu ya wodini haiji Ijumaa hiyohiyo.

Kwa hiyo usiyatafute mapengo ndani ya notsi, kwa sababu humo hayamo. Pengo ni umbali uliopo kati ya kilichoandikwa kwenye daftari na unachoweza kukitoa daftari likiwa limefungwa. Ili uuone umbali huo, lazima kwanza ulifunge.

Chukua karatasi moja tupu, siku hiyohiyo ya lekcha au kesho yake, usingoje Alhamisi usiku. Andika kichwa cha somo juu, weka dakika kumi kwenye simu, kisha andika kila unachokumbuka kama vile unamweleza mdogo wako aliye kidato cha pili. Usipange wala usipambe. Ukikwama, acha mstari mmoja wazi uendelee. Dakika kumi zikiisha, fungua notsi, shika kalamu ya rangi nyingine, na ulinganishe.

Kabla sijaendelea, niseme jambo kuhusu lugha. Mnafundishwa kwa Kiingereza, na bila shaka shajara mnaiandika kwa Kiingereza. Hiyo karatasi tupu iandike kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kwenu ikiwa ndiyo unayofikiria kwayo. Nimesahihisha kazi za wanafunzi kwa miaka mingi, na nimeona jinsi sentensi ya Kiingereza inavyoweza kutoka kinywani mwa mkufunzi, ikapita daftarini, ikafika kwenye karatasi ya mtihani bila kugusa kichwa cha mtu. Maneno ya kukariri yanasafiri peke yake. Lakini ukilazimika kusema kwa Kiswahili kwamba ngozi ya tumbo ikifinywa na kuachiwa inachelewa kurudi, huna budi kuiona ngozi yenyewe na vidole vyako. Pale Kiswahili kinapokukatalia, mara nyingi si kwa kukosa msamiati. Ni kwamba wazo lenyewe hulijui.

Sasa tuchukue somo lako la wiki hii, maana maelezo matupu hayatakusaidia. Nadhani notsi zako, ukiondoa mapambo, zina mistari inayofanana na hii:

> Dawa ya ORS: sodiamu 75, glukosi 75, jumla 245. Pakiti moja, maji lita 1.
> Zinki: kila siku, siku 10 hadi 14.
> Mpango A nyumbani, B kituoni, C dripu.
> Mpango B: mililita 75 kwa kila kilo, saa 4.
> Mtoto mwenye utapiamlo mkali: TAHADHARI!!

Ni notsi nzuri, na zote ni sahihi. Shajara yako ya zamani ingeigeuza mistari hii kuwa aya: "Wiki hii tulifundishwa kuhusu ORS. Ina sodiamu na glukosi. Pia tulifundishwa mipango mitatu..." Mwishoni ingekuja sentensi ya kwamba somo lilikuwa zuri na utalitumia kuwahudumia wagonjwa. Hebu ijaribu aya hiyo kwa swali moja: mwenzako aliyekaa kiti cha jirani anaweza kuikusanya kwa jina lake bila kubadili neno? Kama anaweza, basi wewe haumo ndani yake, na mkufunzi ana haki ya kuiita muhtasari. Kuongeza "nilifurahi" au "niliogopa" hakubadilishi kitu, kwa sababu jirani naye anaweza kufurahi.

Tuseme umeandika karatasi tupu. Umekumbuka ORS, mipango mitatu, zinki ya siku 10 hadi 14, na mililita 75 kwa kilo. Umesahau kwamba ni kwa saa 4, ukaacha pengo. Mahali pa glukosi umeandika hivi: "Sukari iko ndani ili kumpa mtoto nguvu, kwa sababu ameishiwa." Mahali pa utapiamlo umeandika "tahadhari" halafu kalamu ikasimama.

Unaona utajiri ulioupata kwa dakika kumi? Una mapengo matatu, na hayafanani hata kidogo. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea, maana wanaandika "nahitaji kusoma zaidi" kwa yote matatu, kama mtu anayetoa dawa moja kwa kila homa.

Pengo la kwanza, lile la saa 4, ni la kumbukumbu tu. Ulikisikia, ukakiandika, kimeponyoka. Halihitaji tafakuri na wala usilipotezee aya. Lirekebishe kwa kalamu nyekundu, lifanyie hesabu moja ili likae, songa mbele. Mtoto wa kilo 8 mwenye upungufu wa kiasi: 75 mara 8 ni mililita 600, anywe kidogokidogo ndani ya saa 4, kisha apimwe upya. Ukiifanya hesabu hiyo leo na kuirudia Jumatano, imekwisha.

Pengo la pili ni la thamani zaidi, kwa sababu wewe hukujua kama ni pengo. Hukuacha mstari wazi. Uliandika kwa uhakika, na ulichoandika si sahihi. Glukosi ya kwenye ORS haikuwekwa kwa ajili ya kumpa mtoto nguvu. Ukuta wa utumbo mdogo una mlango ambao sodiamu na glukosi hupita pamoja, mmoja akimshika mwenzake mkono, na maji huwafuata nyuma. Mtoto anapoharisha, hata kwa kipindupindu, mlango huo kwa kawaida huendelea kufanya kazi wakati njia nyingine za kunyonya chumvi zimevurugika. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na chumvi peke yake haitoshi. Na ndiyo maana namba hizo mbili kwenye notsi zako zinalingana, milimoli 75 za huyu na 75 za yule katika lita moja. Wewe ulizinakili zikiwa zimekaa sambamba hivyo bila kujiuliza kwa nini.

Zile 245 nazo zina maana yake. Ni ukali wa mchanganyiko mzima, yaani wingi wa vitu vilivyoyeyuka katika lita. Mchanganyiko wa zamani ulikuwa na jumla ya 311, glukosi 111 na sodiamu 90. Miaka ya mwanzo ya 2000 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza huu mwepesi zaidi. Mchanganyiko ukiwa mkali kupita kiasi unageuza mkondo: badala ya maji kutoka utumboni kwenda kwenye damu, yanavutwa kurudi utumboni, na kuhara kunaongezeka.

Sasa fikiria uko wodini na mama anakuuliza, "Nesi, mtoto anaikataa hii dawa, naweza kuongeza vijiko viwili vya sukari?" Muuguzi anayeamini sukari imewekwa kwa ajili ya nguvu atasema, "Ongeza tu, mama, itamsaidia." Kosa lako la kwenye karatasi lilikuwa linaelekea kitandani kwa mtoto. Hiyo ndiyo tafakuri, mwanangu. Mkufunzi haulizi ulijisikiaje kuhusu lekcha. Anauliza ulikuwa unaamini nini, kimebadilikaje, na badiliko hilo litaonekana wapi katika kazi yako.

Pengo la tatu, la utapiamlo, ni la aina nyingine tena. Ulijua kuna hatari, ukaiandika kwa herufi kubwa na alama mbili za mshangao, lakini hukujua sababu. Alama za mshangao kwenye notsi ni mahali pazuri sana pa kuchimba. Mara nyingi ni mahali mkufunzi alipokaza sauti na wanafunzi wakanakili sauti, si maana. Na sababu hapa zipo. Mtoto aliyekonda sana amepoteza mafuta ya chini ya ngozi, hivyo ngozi yake hurudi polepole na macho huonekana yamezama hata kama hana upungufu wa maji. Alama mbili kati ya zile unazozitegemea zinaweza kukudanganya. Tena mwili wake una sodiamu nyingi na potasiamu kidogo kuliko kawaida, na moyo wake hauhimili maji mengi ya haraka, kwa hiyo hatibiwi kwa mipango ileile kama mtoto mwingine, na dripu hupewa kwa masharti makali. Hayo huhitaji kuyamaliza yote wiki hii. Unahitaji kulitaja pengo kwa jina lake kamili.

Una mapengo matatu, lakini kwenye shajara chagua moja la kuliandika kwa kina na jingine moja la kulitaja. Wanafunzi wangu walioandika mapengo saba kila wiki hawakuziba hata moja. Mimi ningechagua la glukosi, kwa sababu kosa la uhakika ni hatari kuliko kusahau. Ingizo lenyewe lingeweza kusomeka hivi:

> Nilipofunga notsi na kuandika kwa kumbukumbu, niliandika kwamba glukosi iko kwenye ORS ili kumpa mtoto nguvu. Sikusita hata kidogo. Nyumbani tulipewa maji ya glukosi tukiugua, na tuliambiwa ni ya kurudisha nguvu, hivyo nadhani niliisikiliza lekcha kwa masikio hayo. Nilipolinganisha na kitabu niliona kwamba glukosi inasaidia sodiamu kupita kwenye ukuta wa utumbo, na maji hufuata. Nikarudi kwenye namba 75 na 75 nilizokuwa nimezinakili, na kwa mara ya kwanza nikaona kwa nini zinalingana.
>
> Hili linabadilisha jibu ambalo ningempa mama anayetaka kuongeza sukari. Juzi ningekubali. Sasa ningemwambia asiongeze, apime maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na ampe mtoto kwa kijiko, kidogokidogo. Nisichojua bado ni namna ya kumweleza sababu kwa maneno mepesi bila kumtisha.
>
> Pengo lililobaki: niliandika "tahadhari" kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, lakini siwezi kusema kwa nini, wala ni alama gani za upungufu wa maji zisizoaminika kwake.
>
> Hatua: Jumanne jioni nitasoma sehemu ya utapiamlo mkali kwenye mwongozo wa watoto ulioko maktaba, kisha nitafunga kitabu na kuandika sababu mbili kwa sentensi zangu. Alhamisi nitamweleza mwenzangu wa chumbani, asiyesoma uuguzi, kwa nini haturuhusu kuongeza sukari. Akiweza kunirudishia maelezo hayo bila mimi kumsaidia, nitahesabu nimefaulu.

Ni takriban maneno mia mbili. Wewe ulikuwa unaandika kurasa tatu. Angalia vitenzi vilivyobeba maandishi haya: niliandika, nadhani, niliona, ningekubali, nisichojua bado. Katika muhtasari vitenzi ni tulifundishwa, mkufunzi alisema, inajumuisha. Ukimaliza ingizo, pitia vitenzi peke yake, na vitakuambia kama umetafakari au umenakili.

Angalia pia kwamba mwandishi ametafuta kosa lilikotoka: maji ya glukosi ya nyumbani. Wengi wanaruka hatua hii, nami naipenda kuliko zote. Kosa likisahihishwa bila kujulikana chanzo chake hurudi baada ya mwezi, kwa sababu imani ya zamani bado imekaa palepale. Jiulize kila mara, "Nililitoa wapi wazo hili?" Wakati mwingine ni mazoea ya nyumbani. Wakati mwingine ni neno moja lenye maana mbili, au somo la kidato cha nne lililorahisishwa. Na wakati mwingine ni mkufunzi aliyeharakisha. Hilo nalo unaweza kuliandika kwa adabu: "Katika maelezo ya lekcha sikuuona uhusiano kati ya sodiamu na glukosi."

Sasa hatua zinazofuata. "Nitasoma zaidi" haina siku, haina kitabu, na haina namna ya kujua kama imetimia. Hatua ya kweli ina vitu vitatu: utafanya nini hasa na lini, kwa kutumia nini, na utajuaje kwamba pengo limezibika. Hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika. "Nitasoma sura ya tano" ni ahadi ya kusoma, haisemi lolote kuhusu kuelewa. "Nitaweza kueleza sababu mbili kitabu kikiwa kimefungwa" inapimika, na wewe mwenyewe ndiye unayepima.

Aina ya pengo ndiyo inayochagua hatua. Kilichoponyoka kinarudishwa kwa kujipima mara kadhaa kwa siku zilizoachana. Usichojua sababu yake kinahitaji kitabu kizuri au swali kwa mkufunzi, kisha maelezo yako mwenyewe. Na kama sababu unaijua lakini mikono inakwama, kwa mfano unajua Mpango C kwa maneno ila ukipewa mtoto wa miezi 10 mwenye kilo 8 unachanganyikiwa, kusoma zaidi hakutakusaidia chochote. Fanya mifano. Mililita 30 kwa kilo ndani ya saa moja ya kwanza, ni 240. Mililita 70 kwa kilo ndani ya saa 5 zinazofuata, ni 560. Jumla 800. Kisha mbadilishie umri awe na miaka miwili na kilo 11 uone ni nini kinabadilika: awamu ya kwanza inakuwa nusu saa, ya pili saa mbili na nusu. Kwenye shajara andika ulikwama kwenye hatua ipi ya hesabu, usiandike tu kwamba hesabu ni ngumu.

Wiki inayofuata anza ingizo lako kwa mistari miwili ya kurudi nyuma: nilisema nitafanya hivi, nimefanya, na matokeo ni haya. Kama hukufanya, andika hukufanya na kilichokuzuia. Bila mistari hiyo miwili, hatua zako zinabaki maneno ya Ijumaa.

Huenda chuo kimewapa mduara wa Gibbs, ule wa mwaka 1988 wenye hatua sita: maelezo, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa utekelezaji. Ni chombo kizuri, lakini unamfaa zaidi mtu aliyepitia tukio, kama kumhudumia mgonjwa kwa mara ya kwanza. Lekcha siyo tukio la namna hiyo, na hapo ndipo wanafunzi wanaanza kubuni hisia ili kujaza nafasi. Kama mnalazimishwa kuutumia, utumie, ila lichukulie tukio kuwa ni ile dakika karatasi tupu ilipokuonyesha kosa lako. Hapo hisia zitakuja zenyewe, maana kukosea jambo uliloliamini kunauma kidogo. Kama mna uhuru, maswali matatu ya mwalimu Mmarekani Terry Borton ya mwaka 1970 yanatosha kwa lekcha: nini, kwa hiyo nini, sasa nini. Ingizo nililokuandikia hapo juu limekaa kwenye maswali hayohayo.

Nije kwenye hofu yako ya alama, maana ni hofu ya haki na sitakudanganya. Wapo wakufunzi wanaosahihisha shajara kama mtihani, na kwao kuandika "sijui" kunaweza kukugharimu. Lakini mkufunzi wako ameandika kwa mkono wake, mara kwa mara, akiuliza mapengo yako wapi. Huyo anayataka. Hata hivyo omba mwongozo wa usahihishaji uone alama zinagawanywaje, na kama haupo, mwulize moja kwa moja: "Mwalimu, nikionyesha nilichokosea pamoja na nilivyokirekebisha, kinahesabiwaje?" Kwa uzoefu wangu kinachoshusha alama ni pengo lililoachwa hewani. Pengo lililotajwa kwa usahihi, likafuatwa na hatua yenye siku, linasomeka kama kazi ya mtu anayejua anakokwenda. Na usizushe pengo ili kumfurahisha msahihishaji. Tunayatambua mapengo ya kubuni kwa sababu huwa ni mepesi mno na yamekwisha kuzibwa ndani ya aya hiyohiyo.

Muda usizidi dakika hamsini kwa wiki kwa somo moja: kumi za karatasi tupu, kumi za kulinganisha, kumi za kutafuta jibu la pengo ulilochagua, ishirini za kuandika. Kama una masomo sita, usifanye hivi kwa yote. Chagua moja au mawili yaliyokusumbua zaidi, na mengine yaishie kwenye karatasi tupu.

Kuna mambo mawili ya usalama. Ukianza kuunganisha lekcha na wodi, jina la mgonjwa, namba ya kitanda, tarehe na kijiji chake visiingie kwenye shajara. "Mtoto wa karibu mwaka mmoja" inatosha. La pili ni zito zaidi: kama pengo lako linagusa kipimo cha dawa au maji utakayompa mtu kwenye zamu ya kesho, hilo halingojei Ijumaa. Mwulize muuguzi kiongozi wa zamu kabla hujagusa mgonjwa, kisha ndipo uandike.

Upo pia wakati ambao karatasi haitoshi. Ukiona pengo lilelile linarudi wiki tatu mfululizo ijapokuwa hatua umezifanya, basi kuna jambo la chini yake ambalo huwezi kuliona peke yako. Kwa somo hili mara nyingi ni jinsi maji na chumvi vinavyopita kwenye utando wa seli, somo la mwaka wa kwanza. Na ukiona kila ukikaa kuandika inarudi picha ya mtoto uliyemwona akifariki, au unakosa usingizi, acha kuandika kwa sasa, uende kwa mshauri wa wanafunzi au mkufunzi unayemwamini, uzungumze naye ana kwa ana. Hilo halimo katika kazi ya shajara, na hupaswi kulibeba kwa kalamu peke yako.

Kwa mkufunzi wa somo usiende kusema, "Mwalimu, sijaelewa upungufu wa maji." Atakurudia lekcha nzima, na utaondoka umetambua tena kila kitu. Nenda na karatasi yako tupu yenye rangi mbili, mwonyeshe mahali kalamu iliposimama, umwambie: "Naelewa kwa nini ngozi ya mtoto aliyekonda hurudi polepole. Sielewi kwa nini moyo wake hauhimili maji mengi." Swali la namna hiyo hujibiwa kwa dakika tano mlangoni kwa ofisi yake, na jibu lake ndilo mistari yako miwili ya kwanza ya Ijumaa ijayo.